Video ya mchana inayorukaruka: kanuni ya shata mara mbili ya fremu, na lini uiache

Simama karibu na Mnara wa Saa, Arusha, saa saba mchana, urekodi bodaboda zinazopita kwa simu iliyoachwa ijipangie yenyewe. Utapata video kali ajabu: ukiisimamisha popote, namba ya pikipiki inasomeka na spoku za tairi unaweza kuzihesabu. Ukiicheza, pikipiki haziendi bali zinaruka, hatua kwa hatua. Wengi wanaotuletea video za namna hii kwenye kitengo chetu cha mafunzo ya picha huwa wameshailaumu kadi ya kumbukumbu, au wanasema simu imekwama. Simu haikukwama. Shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ilifunguka na kufunga upesi mno, na mwendo ukapotea hapo.

Tuihesabu bodaboda moja. Ikienda kilomita 36 kwa saa, kila sekunde inasogea mita 10. Kamera ikipiga fremu 25 kwa sekunde, basi tangu fremu moja ianze hadi nyingine ianze, pikipiki imesogea sentimita 40. Weka shata ya 1/2000 ya sekunde: kwa muda huo mfupi pikipiki husogea nusu sentimita tu, nacho ndicho kipande pekee kilichorekodiwa. Sentimita 39 na nusu zilizobaki hazimo popote kwenye video. Anayeitazama anaiona pikipiki hapa, kisha anaiona kule, bila chochote cha kuziunganisha sehemu hizo mbili.

Sasa weka 1/50. Mwanga unaingia muda wote ambao pikipiki inasogea sentimita 20, kwa hiyo katika fremu hiyo inaonekana imevutika kidogo kuelekea inakokwenda. Huo ndio ukungu wa mwendo. Nusu ya safari imerekodiwa, nusu imeachwa, na fremu inayofuata inaanza mbele kidogo tu ya pale ukungu ulipoishia. Jicho linaziba pengo hilo bila shida. Ukiisimamisha video utadhani imeharibika. Ukiicheza, pikipiki inateleza barabarani kama ulivyoiona mwenyewe.

Kanuni yenyewe ni fupi: namba ya chini ya shata iwe mara mbili ya idadi ya fremu. Fremu 25, shata 1/50. Fremu 30, shata 1/60. Fremu 50, shata 1/100. Kwa fremu 24 hesabu inatoa 1/48, na kamera isiyo na 1/48 huwekwa 1/50, tofauti ambayo hakuna atakayeiona.

Nusu hiyo ilitokana na mashine. Ndani ya kamera za filamu, mbele ya mkanda huzunguka sahani iliyokatwa upande mmoja. Upande uliokatwa ukipita, mwanga unaingia. Upande mzima ukipita, giza linatanda na mkanda unavutwa hadi fremu inayofuata. Kuuvuta mkanda kunahitaji muda, kwa hiyo kuligawa duara nusu kwa nusu, digrii 180 wazi na 180 zimefungwa, kulikuwa mgawanyo wa kufaa. Filamu za sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, fremu 24 kwa sekunde zikawa kipimo cha kawaida, na tangu hapo watazamaji wamezoea kiasi hicho cha ukungu. Kwa maoni yangu mazoea hayo yana uzito sawa na maumbile ya jicho. Ndiyo maana programu nyingi za kurekodi bado huonyesha shata kwa digrii: ukiona 180° kwenye skrini, ni kanuni hii hii.

Tatizo la huku kwetu ni jua. Wapiga picha wana kipimo cha zamani kisichohitaji mashine: katika jua kali, tundu la lenzi likiwa f/16 na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ikiwa 100, shata sahihi ni takriban 1/100. Wewe unataka 1/50, yaani mwanga uingie kwa muda mara mbili, kwa hiyo itabidi ubane tundu hadi f/22. Hapo picha inaanza kupoteza ukali, kwa kuwa mwanga ukipenyezwa kwenye tundu dogo hutawanyika, na mandhari yote ya nyuma, nguzo, mabango na nyaya, yanakuja mbele pamoja na mtu wako. Ukitaka f/2.8 ili mtu ajitenge na mandhari, kutoka f/22 hadi f/2.8 ni stopu sita, na kila stopu huongeza mwanga mara mbili. Mbili ikizidishwa kwa mbili mfululizo hadi zitimie mbili sita, ni 64. Unahitaji kitu cha kupunguza mwanga mara 64, na dukani kinaitwa filta ya ND64: kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi na kupunguza mwanga bila kubadili rangi.

Kwenye simu hesabu inafika karibu mahali pale pale kwa njia nyingine. Tundu la simu nyingi halibaniki, limekwama f/1.8 au karibu na hapo. Jua la saa saba likiwaka, hata ISO ikishuka hadi 50, simu haina pa kukimbilia ila shata, na inaipandisha hadi kama 1/4000. Bandika ND64 mbele ya lenzi na mwanga uleule unahitaji takriban 1/60. Kwa hiyo anayerekodi nje Arusha au Moshi na ana fedha ya filta moja tu, namshauri aanze na ND64. Siku ya mawingu mazito ya masika mwanga hupungua takriban stopu tatu, na hapo ND8 inatosha.

Kuna filta za kuzungusha, ambazo unaongeza na kupunguza giza kwa vidole. Ni rahisi kazini, hasa harusini, ambako unatoka juani na kuingia turubaini mara kwa mara. Ila ndani yake kuna vioo viwili vinavyochuja mwanga kwa mwelekeo, na ukizizungusha hadi mwisho, hasa kwenye lenzi pana, doa lenye umbo la X hujitokeza katikati ya picha. Kwenye skrini ndogo juani halionekani. Utaliona umefika nyumbani. Usifike mwisho wa mzunguko.

Pia lazima uishike shata isibadilike. Simu nyingi za Android zina hali ya PRO kwenye video. iPhone haikuruhusu kuweka shata kwa kamera yake yenyewe, lakini programu ya bure ya Blackmagic Camera inaruhusu, na ipo kwa Android pia. Filta bila kuishika shata ni kazi nusu, maana simu ikiona giza inaweza kupandisha ISO na kuiacha shata juu.

Pa kwanza pa kuiacha kanuni ni ndani ya ukumbi. Umeme wetu wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa zinazoufuata moja kwa moja hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Shata ya 1/50 inameza mapigo mawili kamili ya taa, ya 1/100 inameza moja kamili, kwa hiyo kila fremu inapata mwanga sawa. Shata ya 1/60 inameza pigo moja na theluthi mbili, na kila fremu inaangukia mahali tofauti kwenye mapigo hayo. Matokeo ni mistari myeusi inayopanda au kushuka ukutani nyuma ya maharusi.

Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa fremu 30, na aliyesoma kanuni vizuri ataweka 1/60, na atajiharibia ukumbi mzima kwa kutii. Ukiwa na fremu 30 chini ya taa zetu, weka 1/50. Shata inakuwa wazi digrii 216 badala ya 180, ukungu unaongezeka kidogo, na mtazamaji hatambui. Njia safi zaidi ni kubadili simu iwe fremu 25 kabla ya kuanza, ili kanuni na umeme vikubaliane. Kwa fremu 24 kwenye programu inayoonyesha digrii, chagua 172.8°, ambayo ndiyo 1/50 kamili. Baadhi ya taa za LED zenye kupunguzwa mwanga zina mapigo yake mengine; hapo elekeza kamera ukutani, sogeza shata kidogo kidogo hadi mistari itulie, na usijali namba imeangukia wapi.

Pa pili ni pale video inapokuwa kipimo badala ya sinema. Mwalimu wa riadha Moshi anayetaka kuona jinsi mkimbiaji wake anavyokanyaga hana faida na ukungu. Mkimbiaji akienda mita 5 kwa sekunde, mguu ulio hewani unarushwa mbele kwa takriban mara mbili ya mwendo wa mwili, kama mita 10 kwa sekunde. Kwa 1/50 mguu huo unaacha mvutiko wa sentimita 20, wakati uliokanyaga chini unaonekana safi kwa kuwa umesimama. Mwalimu anaona unyayo mmoja na wingu. Kwa 1/1000 mvutiko ni sentimita moja, na pembe ya goti inapimika. Hapa aache kanuni bila kusita, aongeze fremu hadi 100 au 120 kama kamera inaweza, na arekodi nje mchana, kwa sababu shata hiyo ina njaa ya mwanga na chini ya taa italeta mistari ile ile.

Pa tatu ni unapotembea na simu mkononi ukitegemea simu yenyewe itulize mtikisiko. Simu hutuliza kwa kusogeza fremu baada ya kuipiga, lakini ukungu uliokwisha kuingia ndani ya fremu hauwezi kuutoa. Kwa 1/50 unaona picha iliyotulia ambayo kila ukikanyaga inapoteza ukali ghafla, kisha inarudi. Wapo wanaodhani fokasi imeharibika. Kupanda hadi 1/100 au 1/200 kunapunguza hali hiyo sana, na kuruka kidogo kwa watu wanaopita ni gharama ndogo kuliko hiyo.

Na kama unarekodi Kibo asubuhi kutoka Moshi, kamera iko juu ya stendi na hakuna kinachosogea karibu, shata yoyote itakupa mlima ule ule. Hakuna haja ya kuhangaika na filta. Angalia tu mbele ya picha. Migomba ikiwa karibu na upepo ukiwa unavuma, majani yatarukaruka kwenye 1/2000, na hapo ND64 inarudi mbele ya lenzi.