Leseni ya madini kwa ukurasa mmoja: swali la kwanza ni kama ilitolewa kihalali

Kazi yangu hapa Nairobi ni kusoma leseni za uchimbaji madini na kuzifupisha kwa ajili ya wazee na kamati za ardhi watakaoishi jirani na shimo. Huniuliza mambo manne: kampuni imepewa haki gani, kwa miaka mingapi, jamii itapata nini, na leseni inaweza kufutwa kwa sababu gani. Yote nayajibu, lakini juu kabisa ya ukurasa huandika kama masharti yaliyotakiwa kabla ya leseni kutolewa yalitimizwa.

Sababu yake ni Mrima, kilima chenye msitu wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, katika Kaunti ya Kwale. Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya miaka 21 kuchimba metali ya niobiamu na madini adimu pale. Agosti mwaka huohuo Waziri wa Madini wa wakati huo, Najib Balala, alitangaza kuifuta. Wawekezaji waliipeleka Kenya mbele ya jopo la usuluhishi la ICSID, chini ya Benki ya Dunia, wakidai fidia ya takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 jopo lilikataa kuisikiliza hoja yao ya fidia, kwa kuwa leseni haikupatikana kwa mujibu wa sheria za Kenya. Mrima ni msitu wa hifadhi na eneo la kumbukumbu la kitaifa, na leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira haikuwepo wakati ile ya uchimbaji inatolewa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Leseni halali ikifutwa bila utaratibu, serikali inaweza kudaiwa. Iliyokosa masharti ya msingi haimpi mwenye nayo haki ya kulindwa. Kwa hiyo naulizia leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na tarehe yake, ridhaa ya jamii kama ardhi ni ya jamii, na kibali cha wasimamizi wa msitu au hifadhi kama eneo linaugusa. Leseni ya NEMA yenye tarehe ya baada ya leseni ya uchimbaji naizungushia kalamu nyekundu.

Haki zenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya Jamhuri. Leseni humruhusu mwenye nayo kuchimba na kuuza madini yaliyotajwa, ndani ya mipaka iliyochorwa. Haimpi hati ya shamba la mtu, na mwenye ardhi anayesumbuliwa anastahili fidia. Leseni ya utafutaji ni kitu kingine kabisa, haimruhusu mtu kufungua mgodi.

Muda wa leseni ya uchimbaji mkubwa hauzidi miaka 25, au umri unaokadiriwa wa mgodi, ule ulio mfupi. Ikiongezwa, haizidi miaka 15. Kamati zipange kwa kufuata umri wa mgodi. Kule Kwale, mgodi wa Base Titanium ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024 kwa sababu mchanga wenye madini ulikuwa umekwisha.

Sasa fedha za jamii, eneo linalochanganya hata viongozi. Kuna mafungu mawili. La kwanza hutoka kwenye mrabaha unaolipwa serikali: asilimia 70 hubaki serikali kuu, 20 huenda kaunti, 10 huenda jamii. La pili ni mkataba wa maendeleo ya jamii, ambao kampuni yenye leseni ya uchimbaji mkubwa inalazimika kuutia sahihi na jamii. Kanuni za 2017 zinaitaka itumie angalau asilimia 1 ya mauzo ghafi ya kila mwaka.

Tuchukue mgodi wa mfano uliouza madini ya shilingi bilioni 2, mrabaha ukiwa asilimia 5. Mrabaha ni milioni 100, na fungu la jamii ndani yake ni milioni 10. Mkataba unaleta milioni 20 zaidi. Kampuni ikisema "tumeshalipa jamii kupitia mrabaha", imeunganisha mafungu mawili kuwa moja, na zile milioni 20 zimepotea. Ndiyo maana kwenye muhtasari naandika asilimia 1 ya mauzo, na kamwe si ya faida: mgodi unaweza kuonyesha hasara miaka mingi huku malori yakitoka kila siku.

Kufutwa naandika kwa ufupi: kutolipa ada na mrabaha, kuvunja masharti ya leseni, kutoa taarifa za uongo wakati wa kuomba, kufilisika. Waziri hana budi kwanza kutoa notisi na kumpa mwenye leseni nafasi ya kujitetea au kurekebisha. Jamii inayotaka leseni ifutwe inapaswa kutaja sharti gani limevunjwa na tarehe, na kuambatisha risiti au barua. Malalamiko ya jumla kuhusu vumbi humpa Waziri kazi ya kutafuta kosa. Barua inayotaja sharti la fidia, majina ya wamiliki wasiolipwa na tarehe waliyopaswa kulipwa, inampa kosa lenyewe.