Je, wajua kwa nini muzee anaumwa mwili mzima na kukasirika bure wakati vipimo vyote viko vizuri?

"Mama ana miaka 72. Tulimupima malaria, tansio, sukari, hakuna kitu walipata. Lakini kila siku ni shingo na mgongo, anakaripia watoto bure, na nikishika tu kitenge niende soko anasema moyo unasimama. Ana nini?"

Mara mingi ni wasiwasi, ile inakaa ndani ya mwili miezi na miezi bila muzee mwenyewe kuipa hilo jina. Kijana atakuambia ana stresi, basi. Lakini koko wa hapa Goma amekua akijua mutu muzima halalamiki juu ya woga, kitu cha kulalamikia ni mgongo, tumbo, moyo kupiga. Na hadanganyi hata kidogo. Ubongo ukiona hatari, iwe ya kweli ao ya kuwaza tu, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, tumbo linavurugika. Ikidumu dakika chache haina shida. Sasa misuli ya shingo na mabega ikikaa imekazwa tangu asubuhi mpaka usiku, kila siku, lazima iume, na mutu akipumua haraka haraka bila kujua ataanza kusikia vidole na midomo vinakufa ganzi na kichwa kinazunguka, njo anasema "ninakufa". Hasira pia inatoka palepale. Mutu halali usiku, masikio yake yanangojea tu kitu kibaya, mutoto akiangusha sufuria anashtuka, na ule mshtuko unatoka mdomoni kama makaripio.

Lakini musikimbilie kusema "ni wasiwasi tu". Kwa muzee, ugonjwa wa moyo unaweza kujionyesha kwa kukosa pumzi na kulegea tu, bila maumivu makali ya kifua, kwa hiyo kifua kikikaza kwa mara ya kwanza, jasho likitoka, twende opitali siku hiyo hiyo. Akianza kuchanganyikiwa ndani ya siku moja ao mbili, mara nyingi hiyo ni infeksio ao dawa, inahitaji dokta. Na muweke dawa zake zote juu ya meza muziangalie: ile ya kupuliza ya asma, salbutamol, inapigisha moyo na kutetemesha mikono, prednizoloni inakatisha usingizi, kahawa ya jioni pia. Mwambieni dokta apime damu kama imepungua, na tezi ya shingo, juu ikifanya kazi kupita kiasi inafanana na wasiwasi kabisa. Hata macho na masikio: mutu asiyeona vizuri na asiyesikia nani amepiga hodi, lazima aogope kubaki peke yake.

Sasa pale vipimo vimeonyesha hakuna kitu, njo tunafika kwa jambo ambalo familia nyingi hazijui, na mimi ninaona njo lenye uzito kuliko yote: upendo wetu wenyewe unaweza kukuza ile woga. Nikupe mfano wa koko mumoja wa Himbi. Mulima wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na ardhi ikatetemeka siku zilizofuata, alikuwa peke yake nyumbani. Vita ya Januari 2025 ikaongezea. Binti yake anauza soko ya Virunga. Koko alikuwa anamupigia telefone, analia, binti anaacha meza, anapanda moto, anafika mbio. Koko anatulia papo hapo. Nani angefanya tofauti? Lakini angalia mwili wa koko ulijifunza nini: "nimepona juu binti amerudi". Haukupata hata mara moja nafasi ya kuona kwamba woga ukifika juu unashuka wenyewe. Basi kesho yake anapiga mapema zaidi, na mwisho binti hata kwenda bombani kuchota maji ikawa kesi.

Walichofanya ni hivi, na koko mwenyewe alikubali kwanza, hiyo ni lazima. Binti alimuuliza, "Mama, kutoka 0 mpaka 10, nikitoka hapa kwa mlango woga unafika ngapi?" Wakaanza na kitu kidogo sana: binti anasimama inje kwa parseli dakika 5, koko yuko ndani anachambua maharagi, mikono iko na kazi. Dakika 5 zikiisha anaingia, hata koko akiita mbele ya hapo anamujibu tu kwa sauti, "niko hapa mama, bado kidogo". Wanarudilia siku kwa siku mpaka ile 8 inashuka kwenye 3 ao 4, njo wanaongeza: dakika 10, 20, kwenda kwa jirani, saa moja nzima. Telefone pia ikapewa saa yake. Binti njo anapiga, saa sita mchana, kila siku, koko akiwa na woga ao hana. Wakati moyo unakimbia walikuwa wanapumua pamoja, kuvuta hewa polepole mukihesabu mpaka 4, kuitoa mukihesabu mpaka 6, kwa dakika kama 5 hivi. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta njo kunasaidia moyo upunguze mbio.

Kuna pahali walikwama. Siku moja binti alitoroka koko akiwa amelala, akifikiri anamuepusha machozi, na kwa juma lililofuata koko alikataa kulala mchana. Ni vizuri kuaga kila mara, kwa maneno machache, na kurudi saa uliyosema. Na siku risasi zinasikika kwa kartie hakuna zoezi, munakaa naye, juu hiyo siku woga wake uko na haki. Utatofautisha hivi: je, anaogopa vilevile hata siku zenye utulivu, saa nne asubuhi, jirani wote wako? Kama ndiyo, hapo njo zoezi linafaa. Muzee anayesahau moto jikoni, anayepotea njia ao anayeanguka anguka, huyo asiachwe peke yake, zoezi hili si lake.

Kuhusu maneno, "acha woga" ao "huna kitu, dokta alisema" yanamufanya alalamike zaidi, juu anaona hamumuamini. Jaribu "Mama, najua shingo inauma, nikukande kidogo kisha tutembee mpaka kwa barabara". Unakubali maumivu, halafu unamusogeza.

Kama ni zaidi ya miezi 6, ao halali, hali chakula, ao anasema afadhali afe, msingoje. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili, Bukavu kuna Sosame. Wanaweza kumupa mazungumzo ya tiba, na pengine dawa ya kundi la sertralini, inayoanzishwa kwa dozi ndogo na inayochukua majuma 4 mpaka 6 ao zaidi mbele ya kuonyesha faida, kwa hiyo musiiache juma la pili mukisema haifanyi kitu. Ile valiumu ya kununua farmasi bila karatasi ya dokta mimi ninawaomba muiache: kwa muzee inalegeza miguu na kuchanganya kichwa, anaamka usiku kwenda chooni anaanguka na kuvunjika nyonga. Lakini kama amekwisha kuimeza kwa miezi, musimukatie kwa ghafla, anaweza kupata hata degedege, ni dokta njo atamupunguzia polepole.