Mahindi ya bei ya mavuno: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Gunia la shilingi 50,000 ni mahindi ya shilingi 500 kwa kilo.”

Kwa anayenunua wakati wa mavuno ili ahifadhi na kuuza bei ikipanda, hiyo ni kweli kwa siku ya kununua tu. Mahindi yanayouzwa Juni na Julai katika Nyanda za Juu Kusini mara nyingi hayajakauka vizuri, na maji yaliyomo unayalipia kwa bei ya mahindi. Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 17. Ukilikausha hadi asilimia 13, zinabaki kilo 95 na kitu. Ukishapepeta na kutoa punje mbovu, hesabu kilo 93.

Sasa ongeza gharama, kwa mfano: usafiri na kupakia 4,000, vibarua wa kuanika 1,500, mfuko wa kuhifadhia 5,500, ghala kwa miezi sita 3,000. Jumla ni 64,000 kwa kilo 93, yaani karibu 690 kwa kilo, na hapo hujapata faida hata senti. Kama hiyo 50,000 umeikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, ongeza 9,000, na kilo inafika karibu 785. Hiyo ndiyo bei yako ya kununulia. Ndiyo maana tunasisitiza mizani: ukinunua kwa debe au kwa lumbesa, hesabu hii huwezi kuianza.

“Ukiuma punje ikalia ka, imekauka.”

Jino halitofautishi asilimia 15 na 13, na kwenye tofauti hiyo ndipo ghala linapoharibikia. Kipima unyevu ndicho cha kuaminika. Kama huna, tumia chumvi. Kausha chumvi juani mpaka isigandamane, tia vijiko viwili au vitatu kwenye chupa kavu ya kioo, jaza mahindi hadi robo ya chupa, funika, tikisa kwa dakika mbili, kisha iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, ujue tu kwamba umeshuka chini ya hapo. Anika tena siku moja au mbili za jua kali, juu ya turubai na si udongoni. Chukua punje za kupima katikati na chini ya gunia, kwa sababu muuzaji mjanja huweka makavu juu.

“Mfuko usiopitisha hewa unaokoa mahindi ya aina yoyote.”

Mfuko huu una nailoni mbili nzito ndani na kiroba nje. Wadudu waliomo humaliza hewa wanayohitaji, kisha hufa, hata dumuzi, bila dawa. Lakini haukaushi kitu. Mahindi mabichi ndani yake huchacha na kuvunda. Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila nailoni na uibane ili usikie kama ina tundu. Acha nafasi juu, kamua hewa, pinda na ufunge kila nailoni peke yake, kisha kiroba. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, uwazuie panya. Usifungue kila wiki kuchungulia, maana kila ukifungua unawarudishia wadudu pumzi.

“Yenye kuvu yatachambuliwa, au yatasagwa tu.”

Kuchambua punje zilizovunda, zilizobadilika rangi na zilizovunjika hupunguza sumukuvu, lakini punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hii Dodoma na Manyara. Ukitia mkono katikati ya gunia ukahisi joto, au ukasikia harufu ya uvundo, usinunue hata kwa nusu bei. Kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, na hicho hujulikana kwa vipimo maalumu tu, si kwa macho.

“Ifikapo Januari bei lazima ipande.”

Mara nyingi hupanda, si kila mwaka. Juni 2017 Tanzania ilizuia kuuza mahindi nje, na waliokuwa wameweka akiba wakitegemea wanunuzi wa Kenya wakakuta bei imeporomoka. Machi 2021 Kenya nayo ilisimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani. Mavuno ya vuli yakiwa mazuri kaskazini, au akiba ya serikali ikifunguliwa, bei hutulia vilevile.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tafuta bei ya Januari na Februari katika soko lako kwa misimu mitatu au minne iliyopita, ukianza na ule mbaya kuliko yote. Kama msimu huo kilo iliuzwa 600 na bei yako ya kununulia ni 690, kila gunia lingekula shilingi 8,370 za mtaji wako. Ukiona huwezi kuzibeba kwa magunia 40, nunua 15. Kwa fedha ya mkopo, yenye bei ya 785, sisi tusingenunua kabisa. Na soko likipita 800 mwezi Desemba, uza nusu hapo hapo.