Ripoti ya Ijumaa haikupi bei ya kuingilia: jinsi ya kuisoma COT kwenye kahawa ya New York

Malalamiko yanayotufikia siku hizi yanafanana. Mtu amelipia kundi la simu linalotuma "ishara za COT", ameambiwa wakubwa wamenunua kahawa, naye akanunua Jumatatu asubuhi. Kufikia Jumatano dhamana yake, yaani fedha alizoweka kwa dalali, imekwisha. Anapokuja kwetu anadai ripoti ni ya uongo. Ripoti si ya uongo, ila imetumiwa kwa kazi isiyo yake. Makala haya hayashauri mtu anunue au auze. Yanaeleza tu ripoti hii inaonyesha nini, na ikae wapi mbele ya chati.

COT ni kifupi cha Commitments of Traders, ripoti ya wiki ya CFTC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia soko la mikataba ya bidhaa ya siku zijazo. Huonyesha ni mikataba mingapi iko mikononi mwa makundi gani, upande wa kununua na upande wa kuuza. Tutatumia kahawa ya arabika inayouzwa kwenye soko la ICE la New York, kwa sababu bei hiyo ndiyo inayotazamwa hata Moshi na Nairobi mzigo wa arabika unapopangiwa thamani. Robusta ya Uganda na Kagera hufuata soko la London, ambalo lina ripoti yake. Kuchukua namba za New York na kuzibandika kwenye chati ya robusta ni kosa tunaloliona kila wiki, na kwa kweli halina udhuru.

Kwanza saa. Namba hupigwa picha Jumanne soko linapofunga, kisha ripoti hutolewa Ijumaa saa 9:30 alasiri ya Washington. Kwetu Afrika Mashariki hiyo ni saa 4:30 usiku wakati wa majira yao ya joto, na saa 5:30 usiku wakati wa baridi yao. Kahawa ya New York yenyewe hufunga saa 7:30 mchana kwa saa zao. Kwa hiyo ripoti inapotoka, soko limeshafungwa kwa saa mbili, na tangu picha ile ipigwe zimepita siku tatu za biashara. Unapoweza kufanya lolote Jumatatu, unatazama hali ya Jumanne iliyopita. Anayekuuzia "ishara ya COT ya leo" siku ya Jumatano anakuuzia namba zilizopitwa na wakati.

Namba hizi hazitokani na dodoso la hiari, jambo ambalo wengi hawalijui. Madalali na wanachama wa nyumba za malipo hupeleka kwa CFTC kila siku nafasi za kila mteja aliyefikia kiwango cha kuripotiwa. Kwa kahawa ya New York kiwango hicho ni mikataba 50. Akikifikia katika mwezi mmoja tu wa mkataba, nafasi zake za miezi yote ya kahawa huripotiwa. Tume humtaka pia ajaze Fomu 40, aeleze anafanya biashara gani na anatumia soko kwa madhumuni gani, na hapo ndipo anapopangiwa kundi. Kutoa taarifa ya uongo kwa makusudi ni jinai chini ya sheria yao ya soko la bidhaa: faini ya hadi dola milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Tume nayo hairuhusiwi kuanika nafasi ya mfanyabiashara mmoja mmoja, ndiyo maana unaona makundi tu, bila majina. Anayedai anajua "benki fulani imeuza nini" kupitia COT anakudanganya, kwa sababu jambo hilo halimo.

Kwenye tovuti ya tume chagua ripoti iliyoandikwa Disaggregated, Futures Only, kisha tafuta kahawa kwa namba 083731. Achana na ile ya zamani inayogawa watu katika makundi mawili makubwa tu. Hii mpya ilianza 2009 na inatenganisha vizuri zaidi. Safu mbili zinatosha kwa kuanzia. Ya kwanza ni Producer/Merchant/Processor/User, yaani wenye kahawa na wenye kuihitaji: wasafirishaji, wafanyabiashara wa mizigo, wakaangaji. Ya pili ni Managed Money, mifuko inayofuata bei kwa faida. Safu ya Swap Dealers ndimo zinamoingia nyingi ya fedha za faharasa, yaani za wawekezaji wanaonunua kapu zima la bidhaa, ambazo hukaa upande wa kununua mwaka mzima bila kujali chati, kwa hiyo usiijumlishe na mifuko.

Hapa ndipo upotoshaji mkubwa ulipo. Inasemwa kwamba wenye kahawa ndio wenye akili, kwa hiyo wakiuza sana, bei itashuka. La. Msafirishaji aliyenunua magunia na kuyaweka ghalani anauza mikataba New York ili bei ikishuka, hasara ya ghalani ilipwe na faida ya soko. Hatabiri kitu, anajikinga. Na kinga hiyo inaweza kumuumiza. Mkataba mmoja ni pauni 37,500 za kahawa, karibu tani 17. Bei ikipanda senti 100 kwa pauni, aliyeuza mkataba mmoja anatakiwa kuweka dola 37,500 taslimu, na mwenye mikataba 10 dola 375,000, hali kahawa yake bado iko ghalani haijalipiwa. Mwishoni mwa 2024 bei ilivuka senti 300, na Februari 2025 ikavuka 400 kwa mara ya kwanza katika historia. Katika mbio za namna hiyo, mwenye mzigo aliyeishiwa fedha za dhamana hulazimika kununua tena mikataba yake kwa bei ya juu, na ununuzi huo wa kulazimishwa unaisukuma bei zaidi. Aliyeuza kwa sababu "wenye akili wameuza" alisimama mbele ya gari hilo.

Sasa chati. Utaratibu tunaoupendekeza ni kuchora viwango kwanza, bila kuifungua ripoti: sakafu ambapo bei imegeukia mara mbili au tatu, na dari vivyo hivyo. Ripoti inafuata, kujibu swali moja tu: kiwango hiki kikivunjika au kikishikilia, ni akina nani watakaolazimika kufanya kitu?

Chukua mfano wa darasani, namba si za wiki yoyote halisi. Sakafu iko senti 280, bei imegeukia hapo mara tatu. Wiki ya kwanza bei ni 300, mifuko ina mikataba 60,000 ya kununua na 12,000 ya kuuza, na mikataba yote iliyo wazi sokoni, yaani ambayo bado haijafungwa, ni 200,000. Tofauti ni 48,000, sawa na asilimia 24 ya mikataba iliyo wazi. Wiki ya pili bei imeshuka hadi 284, na tofauti imepungua hadi 36,000. Watu wengi husoma hapo na kufunga ukurasa: "Mifuko inatoka."

Fungua tena ukurasa, maana 36,000 hiyo ina njia mbili za kupatikana. Ya kwanza: upande wa kununua umeshuka hadi 48,000, wa kuuza umebaki 12,000, na mikataba iliyo wazi imepungua hadi 188,000. Hapo kweli watu wametoka. Waliobaki wa kuuza kwa hofu chini ya 280 wamepungua, lakini pia hakuna kundi kubwa la wauzaji litakalolazimika kununua iwapo sakafu itashikilia. Mgeuko, ukija, unaweza kuwa wa polepole.

Ya pili: upande wa kununua bado ni 60,000, wa kuuza umepanda hadi 24,000, na mikataba iliyo wazi imeongezeka hadi 212,000. Tofauti ni ileile, soko ni jingine kabisa. Wanunuzi wote bado wamo ndani, na oda zao za kukata hasara huenda zimejaa chini kidogo ya 280. Sakafu ikivunjika, anguko linaweza kuwa la ghafla. Ikishikilia, wale wauzaji wapya wa mikataba 12,000 wako vibaya, nao watanunua ili kutoka. Ripoti haijakuambia bei itaelekea wapi. Imekuambia kwamba 280 si mahali pa kuweka oda ya kukata hasara senti mbili chini yake kisha ukalala.

Kwa hiyo andika kila wiki namba tatu, si moja: kununua, kuuza, na mikataba iliyo wazi. Safu ya Spreading iache pembeni, hiyo ni mikataba ya kununua na kuuza iliyo mikononi mwa mtu mmoja inayofutana.

Ili kujua kama nafasi ni kubwa kuliko kawaida, linganisha tofauti ya sasa na ya wiki 156, yaani miaka mitatu:

```
fahirisi = (sasa - chini_kabisa) / (juu_kabisa - chini_kabisa) * 100
```

Ikiwa kilele cha miaka mitatu kilikuwa 50,000 na chini kabisa -30,000, basi 48,000 inatoa 97.5. Hapo mifuko imejaa karibu hadi pomoni. Lakini kujaa si kugeuka. Fahirisi inaweza kukaa juu ya 90 kwa miezi huku bei ikipanda, na anayeuza kwa sababu ya namba hiyo peke yake atafungua akaunti ya pili kabla ya kuona mgeuko. Isubiri chati: dari ishindwe kuvukwa, au sakafu ya karibu ivunjike bei ikifunga chini yake. Fahirisi ikiwa 50, iache tu, haina la kusema wiki hiyo.

Mwisho, hakikisha chati yako ni ya soko lilelile. COT ya kahawa hujumlisha miezi yote ya mkataba, Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba, wakati chati ya dalali wako wa mtandaoni mara nyingi huunganisha mwezi mmoja baada ya mwingine. Siku ya kuhama mwezi bei inaweza kuruka bila mtu yeyote kununua wala kuuza kwa sababu hiyo, na "sakafu" uliyoichora ikawa ni mshono tu. Fungua chati ya mwezi mmoja mmoja uone kama kiwango kipo. Na serikali ya Marekani inapofungwa kwa kukosa bajeti, kama Oktoba hadi Novemba 2025, ripoti husimama, kisha za nyuma hutolewa kwa mpangilio wa tarehe zake. Soma tarehe ya Jumanne iliyoandikwa juu ya ukurasa kabla ya kuingiza namba kwenye jedwali lako.