Soda iliyotolewa gesi na juisi tamu kwa mtoto anayehara

Soda iliyotolewa gesi ni soda ya kola iliyofunguliwa na kuachwa wazi, au iliyokorogwa kwa kijiko mpaka mapovu yakaisha, ili apewe mtoto anayetapika na kuhara. Katika nyumba nyingi huhesabiwa kuwa dawa ya tumbo, na isipopatikana, mahali pake huchukuliwa na juisi tamu ya pakiti. Kukoroga kunaondoa gesi peke yake. Sukari hubaki yote, na chumvi ambayo mtoto anaipoteza kwa kila choo cha maji haikuwamo tangu mwanzo. Mambo hayo mawili, sukari iliyozidi na chumvi iliyokosekana, ndiyo yanayoifanya soda imdhuru mtoto ambaye mzazi alitaka kumponya.

Ili kulielewa hilo, ni vizuri kujua jinsi utumbo unavyofyonza maji. Utumbo hauna pampu ya maji. Ulicho nacho ni milango midogo kwenye ukuta wake, ambayo huingiza glukosi, aina ya sukari, na sodiamu iliyomo katika chumvi kwa pamoja, na viwili hivyo vikishapita, maji huvifuata. Jambo la kutia moyo ni kwamba milango hii huendelea kufanya kazi hata wakati wa kuhara kukali, na ndiyo sababu maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini, humsaidia hata mgonjwa wa kipindupindu. Pakiti ya ORS ya lita moja, kwa fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na kloridi ya potasiamu na sitrati ya sodiamu. Glukosi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu wala nguvu. Imepimwa ili ilingane na sodiamu, kusudi viingie pamoja na kuyavuta maji.

Lita moja ya soda ya kola ya kawaida ina takriban gramu 100 hadi 110 za sukari, yaani karibu mara nane ya glukosi iliyomo katika ORS, ilhali sodiamu yake haifiki hata sehemu moja ya kumi. Sukari hiyo ikifika utumboni hukatwa vipande viwili, glukosi na fruktosi, na kila kipande huhesabika kuwa chembe inayojitegemea. Kwa hiyo kinywaji kinakuwa kizito kwa chembe zaidi ya mara mbili ya damu ya mtoto. Maji kwa kawaida huelekea upande wenye chembe nyingi zaidi, jambo ambalo kitaalamu huitwa osmosisi, na hapa upande huo ni ndani ya utumbo. Kabla soda haijampa mtoto maji yake, utumbo wenyewe unalazimika kuyatoa maji ya mwili ili kuizimua.

Kwa mtoto mwenye afya hasara hiyo hufidiwa haraka, kwa sababu sukari hufyonzwa na maji hurudi. Mtoto mgonjwa hana uwezo huo. Virusi kama rota huharibu ncha za vijinyweleo vya utumbo, na ni kwenye ncha hizo ambako vimeng'enya vya kukata sukari hukaa. Sukari isiyokatwa wala kufyonzwa hushuka hadi utumbo mpana ikiwa bado imeyashikilia maji, na huko bakteria huichachusha na kutoa gesi na asidi. Juisi ina hila yake ya ziada: ya tufaha ina fruktosi nyingi kuliko glukosi, na pia ina sobitoli, sukari ambayo hata utumbo wenye afya huifyonza kwa shida.

Tumchukue mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10, ambaye tangu asubuhi ameharisha mara nne. Mama yake anampa chupa ya soda ya mililita 300, kidogo kidogo, mpaka jioni. Humo mtoto amepata takriban gramu 32 za sukari, sawa na vijiko vinane vya chai, ilhali kiasi hichohicho cha ORS kingempa gramu 4 tu za glukosi. Baada ya saa chache choo kinakuwa majimaji zaidi na chenye povu, kinanuka uchachu, tumbo linajaa na kunguruma, na ngozi ya makalio inakuwa nyekundu. Dalili hizi zikikusanyika baada ya kinywaji kitamu, shaka ya kwanza iwe juu ya sukari. Mtoto huyo pia anaweza kuwa na kiu kali na kukosa utulivu, kwa kuwa anapoteza maji mengi kuliko chumvi na sodiamu inapanda katika damu. Akinywa vimiminika vingi visivyo na chumvi, sodiamu inaweza kushuka badala yake. Hali zote mbili zinaweza kuleta degedege.

Soda imepata sifa yake kwa sababu zinazoeleweka. Mtoto huipokea kwa urahisi, sukari humchangamsha kwa muda, na kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe ndani ya siku chache, hivyo kinywaji cha mwisho kutumika ndicho hupewa shukrani. Wengine hujaribu kuirekebisha kwa kutia chumvi, lakini soda iliyotiwa chumvi inakuwa nzito zaidi. Soda isiyo na sukari nayo haina glukosi ya kuisindikiza sodiamu kupita mlangoni. Kuichanganya nusu kwa nusu na maji huacha gramu 50 hivi za sukari kwa lita, na chumvi bado haipo.

Hata hivyo, kuna mpaka unaostahili kusemwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 nchini Kanada uliona kwamba watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wenye kuhara kwepesi, ambao walikuwa hawajaishiwa maji au walikuwa wamepungukiwa kidogo sana, walifanya vizuri kwa juisi ya tufaha iliyozimuliwa nusu, na baadaye kwa vinywaji walivyovipenda. Matokeo hayo hayamhusu mtoto ambaye macho yameanza kudidimia, wala hayahusu juisi isiyozimuliwa.

Yule mtoto wa kilo 10 angepaswa kupewa mililita 50 hadi 100 za ORS baada ya kila choo cha maji, huku akiendelea kunyonya na kula, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aanze tena polepole, kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika mbili au tatu. Akiwa mlegevu, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, choo kikiwa na damu, au ngozi ya tumbo ikifinywa na kurudi polepole, apelekwe kituo cha afya mara moja. Kama anakataa ORS kwa ladha yake, ipoozwe kidogo au itiliwe mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Unga wa pakiti usikorogwe ndani ya soda wala juisi ili kuuficha, kwa sababu hapo vipimo vyake vyote vinavurugika. Uyeyushwe katika maji safi ya kunywa, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na maji yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe.