"Bima yako iko hai" haijibu swali: barua ya kuuliza kava ilianza lini

Mteja wangu mmoja wa Kariakoo, mwenye stoo ya vitenge, aliwahi kunionyesha ujumbe wa wakala kwenye simu yake: "Mama usijali, bima yako iko hai." Hati ya bima ilikuwa bado haijatoka. Nikamwambia, mama, kuwa hai leo hakusemi ilizaliwa lini. Nimefanya udalali wa bima Dar es Salaam miaka mingi, na ubishi wa madai ninaoujua vizuri kuliko mwingine wowote ni huu wa siku zile za mwanzo.

Nitasimulia kisa chake, kwa sababu barua tuliyoandika ilikuja kufanya kazi ambayo hata mimi sikuitarajia.

Alitaka bima ya moto pamoja na hatari za nyongeza, ikiwemo kupasuka kwa mabomba, kwa mzigo wa shilingi milioni 80. Kampuni ilimjibu kwa baruapepe Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, kwamba imekubali maombi, na ada pamoja na VAT ni shilingi 354,000. Ijumaa tarehe 7, saa 11 na dakika 20 jioni, akalipa kwa simu kutoka benki yake. Risiti ya kampuni ikatoka Jumatatu tarehe 10. Hati aliahidiwa ndani ya siku 14. Siku 14 zikapita.

Hapo tayari kuna tarehe tatu, na kila mtu anashika yake. Mteja anahesabu tangu 7, alipotoa pesa. Mhasibu wa kampuni anahesabu tangu 10, pesa ilipoonekana kwake. Aliyekubali maombi anaweza kusema 6. Kwa Tanzania utaratibu ni malipo kwanza: kampuni haitakiwi kubeba hatari kabla ada haijapokelewa, kwa hiyo tarehe 6 inaanguka yenyewe. Lakini kati ya 7 na 10 kuna Jumamosi na Jumapili nzima, na moto hauangalii kalenda ya benki.

Tuliandika barua Jumanne, tarehe 25 Machi. Hii hapa, nimeondoa majina na namba:

"YAH: UTHIBITISHO WA TAREHE YA KUANZA KWA KAVA, BIMA YA MOTO, STOO YA KARIAKOO

Rejea baruapepe yenu ya tarehe 6 Machi 2025 mliyokubali maombi yangu, na risiti yenu ya tarehe 10 Machi 2025 ya shilingi 354,000. Malipo yalitoka benki yangu tarehe 7 Machi 2025, saa 17:20, nakala imeambatishwa.

Hati ya bima bado sijaipokea. Wakati naisubiri, naomba mnithibitishie kwa maandishi siku na saa kava ilipoanza, siku itakapoisha, na kama kuna sharti lolote, mfano ukaguzi wa stoo, ambalo lisipotimizwa kava haifanyi kazi. Kwa uelewa wangu kava ilianza tarehe 7 Machi 2025. Kama sivyo, naomba mtaje tarehe sahihi na sababu yake.

Hadi leo hakuna hasara yoyote iliyotokea kwenye mzigo ninayoifahamu.

Naomba jibu lililosainiwa na idara inayotoa hati, kabla ya tarehe 28 Machi 2025."

Barua ni fupi, lakini kila aya imewekwa kwa makusudi. Usiulize "je, bima yangu inafanya kazi?" Ukiuliza hivyo utajibiwa ndiyo, na ndiyo hiyo itahusu siku ya jibu tu. Uliza ilianza lini. Halafu taja tarehe unayoiamini wewe na ushahidi wake, ili anayejibu alazimike kukubali au kukataa. Wakikaa kimya usidhani wamekubali. Kimya hakimfungi mtu, ila umeshaacha kumbukumbu kwamba uliuliza mapema.

Saa nayo ina mtego wake kwetu sisi. Hati nyingi huandika 00:01 au 16:00. Mteja akiandika "kuanzia saa 10" akimaanisha alasiri, karani anaweza kusoma 10:00, saa nne asubuhi. Andika kwa mtindo wa saa 24 ubishi uishe. Na 00:01 ya tarehe 10 ni usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 10, si usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Hili nimeshalieleza kwa watu wazima na akili zao timamu.

Ile sentensi kuhusu hasara watu huiruka. Ukiuliza tarehe ya kuanza huku stoo imeshalowa maji na wewe unajua, kisha ukanyamaza, umejiharibia mwenyewe. Bima inasimama juu ya ukweli wa pande zote mbili. Kama hasara imeshatokea, toa taarifa ya hasara siku hiyohiyo kwa barua yake, na hii ya tarehe iandikwe ikitaja kwamba taarifa hiyo ipo.

Kuhusu nani ajibu: wakala anaiwakilisha kampuni, mimi dalali namwakilisha mteja. Neno langu kuhusu tarehe haliifungi kampuni hata kidogo. Neno la wakala lina uzito zaidi, lakini ujumbe wa simu usio na namba ya rejea ni rahisi kukanwa. Ndiyo maana tunataka idara inayotoa hati. Kwa gari mambo ni mepesi, kwa kuwa tarehe inaonekana ukihakiki stika kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Ukipewa kava noti, yaani hati ya muda ya kusubiria hati yenyewe, isome: tarehe na saa vimo, na muda wake wa kuisha pia umo.

Jibu lilikuja Alhamisi, tarehe 27. Kava ilianza tarehe 10 Machi 2025 saa 00:01, inaisha tarehe 9 Machi 2026, hakuna sharti la ukaguzi. Mama hakufurahi kuikosa ile Ijumaa. Nikamshauri tusipigane: hakuna kilichotokea wikiendi ile, na sasa tuna karatasi iliyosainiwa.

Jumamosi tarehe 29 Machi bomba la ghorofa ya juu likapasuka usiku, marobota ya vitenge yakalowa. Tukatoa taarifa asubuhi yake. Hati ya bima ikafika tarehe 14 Aprili, na kwenye jedwali lake imeandikwa: kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2026.

Aliyeichapa alianzia mwanzo wa mwezi aliokuwa akiifanyia kazi. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Kwake mteja amepata miezi 12 kamili, kosa liko wapi? Lakini dawati la madai husoma jedwali. Hasara ya 29 Machi, kava ya 1 Aprili: dai limekataliwa, mistari miwili. Tukarudisha ile barua ya 27 Machi pamoja na risiti, tukaomba hati irekebishwe. Kama wangegoma, hatua iliyofuata ilikuwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini hatukufika huko. Hati ya marekebisho ilitoka ikisema 10 Machi 2025 hadi 9 Machi 2026, na dai likafunguliwa upya.

Mama aliisoma ile hati mpya kwa makini, akahesabu kwa vidole, akaniuliza: "Kwa hiyo kaka, zile siku 22 za mwakani wamenichukulia?"