Maji kugeuka rangi si sumu inayotoka

Nimetumiwa ile video tena. Mtengenezaji ni mwingine, lakini mtindo ni uleule: beseni la kioo, matunda yamejaa, maji yanamiminwa, chumvi inanyunyizwa, siki inafuata, na wakati mwingine bekin soda juu yake ili povu lipande vizuri mbele ya kamera. Baada ya dakika kumi maji yamekuwa ya manjano, na sauti inasema, "Oneni sumu mnazokula kila siku." Kazi yangu ni kupima masalia ya viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na ukungu shambani, kwenye mazao, na nimeshachoka kujibu mmojammoja. Nitaandika hapa, halafu nitakuwa natuma kiungo.

Tuanze na hiyo rangi, maana ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Chukua kilo moja ya tufaha zenye masalia ya nusu miligramu ya kiuatilifu. Hicho ni kiasi ambacho tunakiona kwenye sampuli bila kushangaa. Sema maajabu yametokea na yote yametoka, yakaingia kwenye lita tatu za maji. Hapo una chini ya sehemu mbili za kumi za miligramu kwa kila lita. Jicho haliwezi kuona kitu hicho. Sisi wenyewe hatukioni mpaka tutoe dawa hiyo kwa kiyeyushi, tuisafishe, tuipitishe kwenye kromatografia, njia ya kutenganisha kemikali, na kuipima kwa mashine inayogharimu kama nyumba. Kinachoonekana kwenye beseni ni vumbi, nta kidogo, na rangi ya tunda lenyewe. Stroberi ikilowekwa kwenye siki huachia rangi yake nyekundu, na siki huifanya ing'ae zaidi. Ukitia bekin soda, rangi hiyohiyo hugeuka kuelekea zambarau au kijani cha kutisha. Hiyo ni kemia ya rangi za mimea, na ingetokea hata kwa stroberi ambayo haijawahi kunusa dawa.

Na lile povu? Siki ni asidi na bekin soda ni alkali. Ukivichanganya vinamalizana: hewa ya ukaa inapanda juu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu ya asetati. Yaani umechukua vitu viwili ambavyo kila kimoja kina kazi yake, ukavifanya visiwe na kazi. Lakini kamera imependeza.

Sasa masalia yenyewe. Watu hudhani dawa imekaa juu ya tunda kama vumbi linalosubiri kimiminika chenye nguvu. Mwaka 2000 watafiti wa Kituo cha Majaribio ya Kilimo cha Connecticut, Marekani, walichapisha matokeo ya kusuuza mazao kwa maji ya bomba tu. Walifuatilia viuatilifu 12. Tisa vilipungua. Vitatu, yaani vinklozolini, bifenthrini na klorpirifosi, havikupungua. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba uwezo wa dawa kuyeyuka kwenye maji haukueleza ipi itatoka na ipi itabaki. Kilichofanya kazi ni msukumo na msuguano wa maji yanayotiririka, unaong'oa vumbi na chembe zilizobeba dawa. Kituo hichohicho kilijaribu pia sabuni za dukani za kuoshea matunda, na hazikuyashinda maji matupu.

Kwa hiyo dawa iliyokaa juu huondoka kwa kusuguliwa. Iliyozama kwenye nta ya ganda haijali sana chumvi yako. Na iko ya aina ya tatu, ambayo mmea huifyonza na kuisambaza ndani, kama imidaklopridi. Hiyo iko kwenye nyama ya tunda. Hakuna beseni litakaloitoa, hata ukiloweka mpaka kesho. Hapo kinachomlinda mlaji ni mkulima kufuata kipimo na kusubiri zile siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Najua si jibu linalofurahisha mtu aliyesimama kwenye sinki.

Nisiwe mchoyo, bekin soda ina utetezi wake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walipaka dawa mbili kwenye tufaha za aina ya Gala: thiabendazoli, ambayo ni dawa ya ukungu, na fosmeti, ambayo ni ya wadudu. Waliziosha kwa maji yenye gramu 10 za bekin soda kwa lita, ambayo ni kama vijiko viwili vya chai. Thiabendazoli ya juu ya ganda iliisha baada ya dakika 12, na fosmeti baada ya dakika 15, kwa sababu dawa hizo mbili huvunjikavunjika kwenye alkali. Maji matupu hayakufika huko. Lakini soma sehemu ya pili, ile ambayo video huiruka: asilimia 20 ya thiabendazoli ilikuwa tayari imepenya ndani ya tufaha, na hiyo haikutoka. Kwa fosmeti ilikuwa asilimia 4.4.

Mimi nina wasiwasi na jinsi matokeo haya yanavyonukuliwa. Ni dawa mbili, kwenye tunda moja lenye ganda gumu, na dawa ilipakwa maabara muda mfupi kabla ya kuoshwa. Tunda la shambani limekaa na dawa yake juani na kwenye mvua kwa siku nyingi. Ziko dawa ambazo alkali haizigusi kabisa. Nikiwa na tufaha na robo saa ya ziada, nitaloweka kwenye bekin soda, nisuuze vizuri, na sitajidanganya kwamba nimemaliza kazi. Kwa majani laini sijisumbui, maana robo saa kwenye alkali huyaacha yamelegea.

Tuje kwenye vijidudu. Siki ya mezani kwa kawaida ina asidi ya asetiki karibu asilimia 5. Majaribio yanayoonyesha siki ikiua bakteria kwa kiwango cha maana hutumia kitu kama kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji au kikali zaidi, kwa dakika kadhaa. Mapishi ya mitandaoni yanasema kijiko kimoja kwenye beseni. Piga hesabu: mililita 15 za siki kwenye lita 5 za maji ni asidi asilimia 0.015, dhaifu zaidi ya mara 80 kuliko kile kikombe kwa vitatu. Ukitumia kile kikali, ndiyo, unapunguza bakteria kuliko maji matupu, lakini saladi yako inakuwa achari kabla haijafika mezani.

Na chumvi? Kijiko kilichojaa, tuseme gramu 20, kwenye lita 5 za maji ni asilimia 0.4. Dripu ya chumvi anayotundikiwa mgonjwa ina asilimia 0.9. Yaani maji yako ya kuua vijidudu hayana chumvi hata nusu ya yale yanayoingizwa kwenye mshipa wa binadamu, halafu unategemea bakteria wafe.

Chumvi ina kazi moja ninayoiheshimu: kufukuza wadudu na viwavi. Brokoli na koliflawa zina vichaka ambavyo maji yanayotiririka hayafiki. Vijiko viwili vya chumvi kwa lita, dakika 15, kichwa kikiwa kimepinduliwa chini, na viwavi huachia na kutoka. Hata funza wadogo ndani ya stroberi hutoka hivyohivyo. Baada ya hapo unasuuza. Kutoa kiwavi ni jambo moja, kutoa dawa ni jingine.

Kuna kitu ambacho hofu ya dawa imekifunika, nacho ni mayai ya minyoo. Mboga iliyomwagiliwa maji machafu hubeba mayai ya minyoo ya askaris, ambayo yana ganda la nje linalonata. Watu wananiambia siki inayaua. Maabara zinazofanya utafiti wa minyoo hiyo huyatunza mayai yake kwenye asidi ya salfuriki iliyopunguzwa makali ili yakue bila kuvamiwa na ukungu. Asidi ya salfuriki! Na wewe umekuja na kijiko cha siki. Mayai hayo huondolewa kwa kusugua, na huuawa kwa moto.

Hivi ndivyo ninavyoosha letusi, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu inaliwa mbichi na ina mikunjo mingi. Naosha mikono. Natupa majani ya nje, maana ndiyo yaliyobeba udongo na dawa nyingi zaidi. Nabandua yaliyobaki moja moja. Kichwa kizima chini ya bomba ni maigizo. Nayatumbukiza kwenye beseni safi lenye maji mengi, nayatikisa, nayaacha dakika moja au mbili mchanga utue. Kisha nayainua majani kutoka kwenye maji. Usimwage beseni juu ya chujio, kwa sababu mchanga uliokwisha kutua utarudi juu ya majani. Nabadilisha maji na kurudia mpaka nikipitisha kidole chini ya beseni nisihisi chembe. Mwisho kila jani linapita chini ya maji yanayotiririka huku nikilisugua kwa kidole, hasa kwenye kikonyo, halafu nalikausha kwa kitambaa safi, kwa sababu kufuta nako huondoa vijidudu.

Sikomei kwenye beseni kwa sababu maji yaliyotuama hugawa vijidudu vya jani moja kwa majani yote.

Baada ya yote hayo, bakteria wanaweza kuwa wamepungua kwa asilimia 90, pengine 99 siku ikiwa nzuri. Hata tarakimu hizo naziangalia kwa jicho la pembeni. Katika majaribio mengi bakteria hupakwa kwenye jani na kuoshwa ndani ya saa chache, ilhali shambani wamepata muda wa kujishikiza na kuingia kwenye vitundu vya jani. Anayemlisha mgonjwa mwenye kinga dhaifu asiniulize siki gani ni bora. Ampikie mboga hiyo.

Nyanya nazo zina mtego wake. Ukizitoa juani zikiwa na joto na kuzitumbukiza kwenye maji baridi sana, hewa iliyo ndani husinyaa na tunda hufyonza maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na chochote kilichomo kwenye maji hayo. Ziache zipoe kwanza, au tumia maji yasiyo baridi kuliko zenyewe, na uzisugue chini ya bomba badala ya kuziloweka. Sabuni ya vyombo achana nayo kabisa, kwa kuwa ganda hunywa sabuni na haikutengenezwa iliwe. Na tafadhali, anayeongeza siki kwenye maji aliyotia dawa ya klorini ya kufanyia weupe nguo afungue madirisha na atoke nje, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.